Pleya ya santuri yenye Bluetooth na spika zisizo na waya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya pleya za santuri zilizojengewa Bluetooth ndani, zile zenye kitufe kidogo na taa pembeni yake. Matatizo yake mengi ni ya aina mbili: mvumo usiokwisha, au sauti inayokatika. Watu huyachanganya. Mmoja anahamisha spika huku na kule ili aondoe mvumo, mwingine ananunua sindano mpya ili sauti isikatike, na wote wawili hutoka mikono mitupu. Kumbuka jambo moja tu unaposoma: mvumo huingia kabla sauti haijarushwa hewani, kukatika hutokea ikiwa hewani.

Pleya yangu ina Bluetooth. Mbona spika haiioni?

Anza kwa kuhakikisha kwamba Bluetooth hiyo inatuma. Pleya nyingi za bei nafuu, hasa za muundo wa sanduku zenye spika zake ndani, zina Bluetooth ya kupokea tu. Imewekwa ili ucheze nyimbo za simu kupitia spika za pleya, na hakuna kitufe wala mbinu itakayoifanya irushe sauti ya santuri kwenda kwingine. Angalia kijitabu au maandishi ya nyuma ya mashine. Ukikuta `Bluetooth OUT`, `Transmitter` au `TX`, inatuma. Ukikuta `Bluetooth IN`, `Receiver` au `RX` peke yake, inapokea tu. Usipopata maandishi yoyote, fungua orodha ya Bluetooth kwenye simu: jina la pleya likijitokeza pale na simu ikakubali kuichezea muziki, basi pleya hiyo ni ya kupokea. Zipo chache zinazofanya kazi zote mbili, na hizo huwa na swichi au kitufe cha kuchagua.

Ikiwa kweli inatuma, elewa nani anamtafuta nani. Tumezoea simu, ambayo ina skrini na inakuonyesha orodha ya vifaa uchague. Pleya haina skrini. Yenyewe ndiyo inayotafuta, spika inasubiri kupatikana, na pleya hushikana na spika ya kwanza inayofaa iliyo tayari kuoanishwa. Kwa hiyo kama spika haiko katika hali ya kuoanishwa wakati uleule pleya inapotafuta, hazitaonana hata zikigusana.

Nifuate mpangilio gani mara ya kwanza?

Zima Bluetooth ya kila simu, kompyuta na televisheni iliyowahi kuungana na spika hiyo. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowaponza, kwa sababu spika ikiwashwa tu hukimbilia kifaa ilichokizoea. Kisha sogeza spika hadi kama mita moja kutoka kwenye pleya.

Anza na spika. Iwashe, ubonyeze na kushikilia kitufe chake cha Bluetooth mpaka taa imetemete haraka au itoe sauti ya kukujulisha kwamba iko tayari. Baada ya hapo nenda kwenye pleya, ushikilie kitufe chake sekunde chache hadi taa yake nayo ianze kumetameta. Sasa ziache. Kuonana kunaweza kuchukua sekunde chache, pengine nusu dakika au zaidi kidogo, na ukibonyezabonyeza katikati unairudisha mwanzo. Taa ya pleya ikiacha kumeta na kubaki imetulia, zimeungana. Teremsha sindano.

Ninasisitiza spika ianze kwa sababu pleya hutafuta kwa muda fulani tu kisha ikakata tamaa. Katika jengo lenye majirani wengi kuna hatari nyingine: pleya inaweza kushikana na spika ya mtu mwingine iliyo wazi wakati huo. Taa itatulia, kwako kimya, na santuri yako inasikika ukuta wa pili. Ikikutokea, tafuta kwenye kijitabu namna ya kufuta kumbukumbu ya Bluetooth ya pleya, kisha anza upya.

Spika za zamani sana huhitaji namba ya siri. Pleya nyingi hutuma `0000` zenyewe; spika yenye namba tofauti isiyobadilika haitaungana na pleya isiyo na mahali pa kuandika.

Taa imetulia, zimeungana, lakini sisikii kitu.

Hakikisha sindano iko juu ya santuri inayozunguka, maana pleya nyingi za otomatiki hunyamazisha sauti hadi mkono ushuke. Kama nyuma kuna swichi ya `PHONO` na `LINE`, iweke `LINE`. Kwenye baadhi ya modeli Bluetooth haipati sauti ya kutosha isipokuwa hapo. Halafu tazama spika: waya uliosahauliwa kwenye tundu la `AUX` unaweza kuifanya isikilize waya huo na kuipuuza Bluetooth.

Sauti ikiwepo lakini ndogo, ongeza kwenye spika yenyewe. Pleya nyingi hazina kitufe cha sauti kabisa. Zipo zenye swichi ya kiwango, chini, kati na juu. Ukiiweka juu kisha santuri iliyorekodiwa kwa sauti kubwa ikasikika kama imepasuka, rudisha kati.

Jana ziliungana, leo hazitaki.

Mara nyingi kosa ni la simu. Wewe umeingia chumbani na simu mfukoni, spika ikawashwa, simu ikaidaka kabla ya pleya. Zima Bluetooth ya simu, zima spika na kuiwasha tena, na pleya itaipata. Spika zinazokubali vifaa viwili kwa pamoja zina usumbufu wake: ujumbe ukiingia kwenye simu, spika hukata santuri ili ikupigie mlio wa ujumbe, kisha inarudi. Mtu asiyejua atadhani mawimbi yanakatika. Zima uwezo huo ndani ya programu ya spika kama upo, au ondoa simu kwenye kumbukumbu ya spika.

Nina spika za waifai. Zitafaa?

Kama zina Bluetooth pia, ndiyo. Kama ni za waifai pekee, hapana. Waifai na Bluetooth havisikilizani hata kama vyote viko kwenye masafa yaleyale. Njia iliyobaki ni waya, ikiwa spika ina tundu la kuingizia.

Kuna mvumo. Nianzie wapi?

Anza kwa kuitoa spika kwenye lawama, au kuithibitisha. Kata muunganisho na pleya, unganisha simu, usicheze chochote, uweke sauti kiwango kilekile unachotumia kwa santuri. Ikivuma hata hapo, tatizo ni la spika au chaja yake. Ichomoe kwenye umeme itumie betri uone kama inatulia. Ikiwa kimya, rudi kwenye pleya. Baada ya jaribio hilo usipoteze muda tena na spika wala umbali wake. Kiungo cha redio hakina waya wa kupitishia mvumo wa umeme. Kinachobeba ni namba tu, na kama mvumo umo ndani yake, uliingia kabla sauti haijageuzwa kuwa namba.

Kwa nini pleya huvuma kirahisi kuliko simu au redio? Katriji, kile kipande kinachoshika sindano, kwa kawaida hutoa umeme mdogo mno, milivolti 3 hadi 5 hivi kwa katriji za sumaku zinazotumika sana. Priampu iliyo ndani ya pleya huukuza kama mara 100. Isitoshe, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana, na priampu hulazimika kuirudisha. Kwa kanuni ya RIAA inayotumika katika santuri, sauti ya hezi 50 hukuzwa takriban mara 7 zaidi ya sauti ya hezi 1,000. Umeme wa nyumbani hutetemeka kwa hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Yaani priampu imeundwa kukuza zaidi palepale mvumo unapokaa, na tone dogo la umeme lililovuja kabla ya priampu linafika kwenye spika likiwa limenona.

Spika ndogo haziwezi kutoa hezi 50 vizuri. Kinachosikika kwazo ni mara mbili na mara tatu yake, hivyo usitegemee kusikia “uuuu” mzito. Mara nyingi ni “zzzz” ya nyuki.

Sasa sikiliza kwa hatua. Inua sindano kwa wenzo wake huku santuri ikiendelea kuzunguka. Mvumo ukitoweka, ulikuwa unatoka kwenye santuri, kwenye mota au kwenye mtikisiko wa meza, si kwenye nyaya. (Angalia tu kwamba pleya yako si ya zile zinazojinyamazisha mkono ukiinuka, maana jaribio litakudanganya.) Mvumo ukibaki, zima mzunguko. Ukiondoka sasa, mota au usambazaji wake wa umeme ndio chanzo. Ukibaki hata hapo, una tatizo la waya wa ethi, adapta, au kifaa kingine kilichochomekwa.

Mwisho, gusa kwa kidole sehemu ya chuma ya mkono wa pleya, sauti ikiwa ndogo. Mvumo ukibadilika ghafla, ukapungua au kuongezeka, chuma hicho hakijaunganishwa vizuri na ethi ya ndani. Kama pleya ina skrubu ya ethi nyuma na umeiunganisha na amplifaya, kaza. Kama haina, waya umeachia ndani, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu.

Unaweza kunionyesha mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho?

Upo mmoja ambao naupenda kwa sababu ulikuwa na vyanzo viwili vilivyojificha kimoja nyuma ya kingine.

Mteja alikuwa na pleya ya kuendesha kwa mkono, imekaa juu ya amplifaya ya zamani, imeunganishwa nayo kwa waya wa RCA. Waya wa USB nao ulikuwa umechomekwa kwenye kompyuta ya mezani, kwa kuwa alikuwa akihifadhi santuri zake kama mafaili. Chumba cha pili kulikuwa na spika ya Bluetooth. Ilivuma wakati wote ilipounganishwa na pleya, na yeye alishaamini kwamba Bluetooth yenyewe ni mbovu.

Tuliunganisha simu na spika: kimya. Tukarudisha pleya na kuinua sindano: mvumo palepale. Tukazima mzunguko: mvumo haukubadilika. Hapo santuri na mota vikatoka kwenye orodha. Kugusa mkono wa pleya hakukubadilisha kitu, kwa hiyo ethi ya mkono ilikuwa sawa. Kilichobaki ni nyaya mbili za nyuma. Tulipochomoa USB, sehemu kubwa ya mvumo ilianguka mara moja.

Sababu ni hii. Amplifaya ile ilikuwa na ethi kupitia plagi yake, na kompyuta ilikuwa na ethi kupitia plagi nyingine. RCA na USB ziliunganisha ethi hizo mbili, na daraja lenyewe lilikuwa ndani ya pleya. Mkondo mdogo wa umeme ulizunguka kutoka ethi moja hadi nyingine ukipita palepale priampu inapolinganisha milivolti zake. Priampu ikaukuza kama vile ni muziki, ukageuzwa namba, ukarushwa. Ndiyo maana hata spika isiyoguswa na waya wowote ilivuma. Ungechomoa RCA badala ya USB, matokeo yangekuwa yaleyale. Kinachotakiwa ni kuvunja mduara upande mmoja.

Lakini kulibaki mvumo mwembamba, wa kusikika chumba kikiwa kimya. Mzunguko ukiwa umezimwa na sindano imeinuliwa, tuliusogeza mkono taratibu kutoka kwenye kiegemeo chake kuelekea katikati ya sahani. Mvumo ulipanda kadiri mkono ulivyosogea, ukafika kilele mahali fulani, kisha ukashuka. Mvumo unaofuata mahali katriji ilipo ni wa sumaku, hautoki kwenye nyaya. Chini ya mahali pale ndipo ilipokaa transfoma ya amplifaya. Pleya ilipohamishiwa kwenye meza nyingine, nusu mita mbali, ulikwisha. Mteja sasa huchomeka USB pale tu anaporekodi, na wakati huo anachomoa RCA.

Jaribio hilo la kusogeza mkono lifanye kwenye pleya za mkono tu. Za otomatiki zina gia ndani, na kuulazimisha mkono kunaweza kuziharibu.

Adapta inaweza kuwa chanzo?

Ndiyo, hasa iliyonunuliwa kuchukua nafasi ya ile ya awali. Adapta duni hutoa umeme wenye kelele, na kelele hiyo husikika kama mlio mwembamba wa juu zaidi ya mvumo. Jaribu nyingine yenye volti zilezile, plagi yenye upande chanya na hasi uleule, na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye pleya. Ampea zikizidi si tatizo. Volti zikizidi unaunguza priampu. Na usiache adapta imelala karibu na mkono au nyaya za nyuma, isogeze.

Simu pia. Ikiwekwa kando ya katriji inaweza kuingiza ule mlio wa “dri-dri-drit” kabla ya kupokea simu au ujumbe, hasa kwenye mtandao wa kizazi cha pili. Iweke mbali na sahani.

Mvumo uko upande mmoja tu wa stereo.

Hiyo ni habari njema, kwa sababu ethi mbovu ya jumla au adapta kwa kawaida huvuma pande zote. Upande mmoja ukivuma, au ukivuma na kupoteza muziki, angalia nyuma ya katriji. Katika pleya ambazo katriji inafunguka utaona waya nne nyembamba: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Nyeupe na nyekundu hubeba sauti, bluu na kijani ni marejeo yake. Kimoja cha vibanio vyake kikiwa kimelegea, upande huo hubaki kama antena na kuanza kuvuma.

Zima pleya, weka kinga ya sindano, shika kibanio chenyewe kwa kibano kidogo, kamwe usivute waya, ukitoe na kukirudisha mara chache ili kutu ijisugue. Kikiwa kinapwaya, kibane kidogo kikiwa nje ya pini. Usilehemu moja kwa moja kwenye pini za katriji. Joto hukata waya wa ndani ambao ni mwembamba kama unywele. Kama kichwa cha mkono kinafunguliwa kwa kuzungusha pete, kifungue pia, ufute pini zake nne kwa kitambaa kikavu, ukirudishe ukikaza vizuri.

Kumbuka kwamba spika moja ya Bluetooth mara nyingi huchanganya kushoto na kulia, kwa hiyo hutajua ni upande gani. Sikiliza kwa hedifoni za Bluetooth ili ugundue.

Huu si mvumo, ni ngurumo inayokua nikiongeza sauti.

Huo ni mrejesho. Spika inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inautuma mtikisiko kwenye spika, nayo inautoa mkubwa zaidi. Wengine hudhani kwa Bluetooth hautokei kwa vile sauti huchelewa. Kuchelewa kunabadilisha tu ni noti gani itakayonguruma, mduara unabaki.

Uthibitisho ni rahisi. Zima mzunguko, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti polepole huku mkono mwingine uko tayari kuishusha. Gonga meza kwa kidole. Ukisikia kishindo kwenye spika na ngurumo inayoanza kuvimba, umepata jibu. Toa spika juu ya meza ya pleya. Ikiwa ni lazima zikae chumba kimoja, ziweke kwenye samani tofauti, na spika yenye besi nzito usiielekeze kwenye pleya. Sponji chini ya spika husaidia kidogo; kutenganisha samani husaidia sana.

Sauti inakatika. Nitajuaje kama ni mawimbi au ni santuri?

Sikiliza muziki unaporudi. Mawimbi yakikatika, kunakuwa na ukimya, kisha wimbo unaendelea pale ambapo ungekuwa umefika, kipande cha katikati kimepotea. Sindano ikiruka, hakuna ukimya: wimbo unaruka mbele ghafla au unarudia kipande kilekile. Katika mwendo wa 33⅓, sahani hukamilisha mzunguko kila sekunde 1.8, kwa hiyo kasoro inayorudi kwa mdundo huo ni mkwaruzo. Na kama bado una shaka, irudishe sindano nyuma ucheze tena. Kasoro ikitokea mahali palepale pa wimbo, ni ya santuri. Mawimbi hayajui wimbo umefika wapi.

Kuna hali ya tatu inayofanana na zote mbili: mwanzo wa wimbo kumezwa. Spika fulani hulala zikisikia ukimya, na mapengo baina ya nyimbo au utangulizi wa taratibu huzilaza. Zima hali ya kuokoa betri ikiwa inaruhusu.

Ni mawimbi kweli. Nifanye nini?

Bluetooth hufanya kazi kati ya gigahezi 2.402 na 2.480, eneo ambalo pia lina waifai ya gigahezi 2.4, oveni za maikrowevu na vifaa vingi vidogo. Sauti husafirishwa kwa kurukaruka kati ya chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, na vifaa hujifunza kukwepa chaneli zenye vurugu. Spika hujiwekea akiba ya sehemu ndogo ya sekunde. Vipande vikipotea, hutumwa tena, na hutasikia lolote mpaka akiba iishe. Ndiyo maana kiungo kinaweza kuonekana kizima kabisa kisha kikaporomoka mtu mmoja anapopita: kilikuwa tayari ukingoni.

Kwa hiyo tafuta kilichokifikisha ukingoni, na anzia kwenye pleya, sio kwenye spika. Kirusha mawimbi kimefichwa ndani ya kisanduku chake, mara nyingi upande wa nyuma, na watu huisukuma pleya ukutani, ndani ya kabati la chuma, au bega kwa bega na ruta ya waifai. Ruta iliyo sentimita 20 kutoka kwenye pleya inadhuru zaidi kuliko ukuta ulio kati yake na spika, kwa sababu inapiga kelele sikioni mwa kifaa kile. Itenge angalau mita moja, mbili zikipatikana. Simu na kompyuta zako zihamishie kwenye waifai ya gigahezi 5. Diski za nje na nyaya za USB 3.0 nazo huvujisha kelele kwenye gigahezi 2.4, usiziweke nyuma ya pleya.

Baada ya hapo angalia njia. Pleya nyingi zina nguvu ya kufika kama mita 10 mahali peupe, na nyumba si mahali peupe. Mwili wa binadamu una maji mengi na maji humeza mawimbi haya vizuri sana, hivyo spika iliyo chini sakafuni nyuma ya kochi lenye watu itakatika huku ileile ikiwekwa juu ya rafu, kimo cha kifua, haikatiki. Vioo vikubwa, friji na zege lenye nondo ni vizuizi vizito zaidi ya ukuta wa mbao.

Jaribio moja linamaliza ubishi: leta spika mita moja kutoka kwenye pleya, mbele yake, ucheze upande mzima wa santuri. Isipokatika, tatizo ni njia au umbali. Ikikatika hata hapo, zima ruta kwa dakika chache. Ikiendelea bado, jaza betri ya spika na ujaribu spika nyingine. Spika mbili tofauti zikikatika kwa mita moja na ruta imezimwa, kirusha mawimbi cha pleya ndicho kibovu.

Nimeunganisha spika mbili kama jozi na moja tu ndiyo hukatika.

Pleya inatuma kwa spika moja tu. Hiyo ya kwanza ndiyo inayompasia mwenzake, kwa Bluetooth pia, kwa hiyo hewa inabeba mzigo mara mbili na ya pili inategemea afya ya njia mbili. Tambua ipi ni kuu, kwa kawaida ile uliyoioanisha na pleya, na uiweke upande ulio karibu na pleya. Punguza umbali kati ya spika zenyewe na usiweke televisheni katikati yake. Zikiendelea kugoma, cheza moja peke yake. Ikitulia, umejua kwamba pleya haina kosa.

Je, kodeki ya aptX itaondoa kukatika?

Haitaondoa. Kodeki ni namna ya kubana sauti ili itumwe hewani, na SBC ni ile ambayo kila kifaa cha Bluetooth cha muziki lazima kiwe nayo. AptX hutumika tu pleya na spika zote mbili zikiwa nayo, na pleya huchagua yenyewe bila kukuuliza. Ubora unaweza kuongezeka kidogo, ingawa kwa katriji ya kawaida nina shaka wengi wangetofautisha. Fedha ya kununua spika mpya kwa ajili ya aptX ingefanya kazi zaidi kwenye sindano mpya.

Sindano ikigusa santuri, sauti inachelewa. Ni kawaida?

Ni kawaida. Kugeuza, kutuma na kuweka akiba huchukua muda, mara nyingi kati ya sehemu moja na tatu za kumi za sekunde. Kwa kusikiliza tu haina shida. Itakusumbua ukitumia spika ya waya na ya Bluetooth chumba kimoja, kwani utasikia mwangwi, na kwa anayechanganya nyimbo kama didijei haifai kabisa.

Lini niachane na Bluetooth na kuvuta waya?

Zege likiwa kati ya pleya na spika, au jengo likiwa na waifai nyingi zisizo zako za kuzima. Spika yako ikiwa na tundu la `AUX`, weka swichi ya pleya `LINE` na utumie waya wa RCA unaoishia kwa jeki ya milimita 3.5. Kwa `LINE`, mita chache za waya hazileti mvumo wowote wa maana. Kwa `PHONO` zingeleta, kwa sababu zile milivolti chache zingesafiri njia nzima kabla ya kukuzwa. Na ukichomeka `LINE` kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa `PHONO`, sauti itapita kwenye priampu mbili na kutoka imepasuka na besi imevimba. Chagua tundu lingine lolote.